Malori Mawili

Swali la mtihani ni hili. Kwenye barabara ya Kolwezi kwenda Mutshatsha, lori la kampuni lililobeba asidi ya sulfuriki linakata kona kwa kasi, linapinduka, na asidi inatiririka hadi shambani. Mihogo inakauka. Kampuni inajibu kwamba mihogo hiyo ilikuwa na batobato hata kabla ya ajali. Je, mwenye shamba alipwe fidia?

Mwanafunzi asiyezoea hukimbilia uchungu wa mkulima. Aliyeiva hukumbuka lori jingine.

Aprili 1925, mjini Belfort, Ufaransa, lori lilimgonga na kumjeruhi msichana, Lise Jand'heur. Muhtasari mzuri wa kesi hiyo hautaji rangi ya lori. Unachukua ukweli ulioamua shauri, kisha suala: je, mwenye kukitunza kitu anajinasua kwa kuonyesha tu kwamba hakukosea? Tarehe 13 Februari 1930 mahakama ya juu ilisema hapana. Anajinasua tu kwa kuthibitisha nguvu isiyozuilika au sababu ya nje asiyohusika nayo, na si lazima kitu kiwe na kasoro.

Hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya wajibu ya Kongo ya mwaka 1888, katika kifungu cha 260, inataja pia vitu vilivyo chini ya ulinzi wa mtu, lakini hukumu ya Ufaransa haiwafungi mahakimu wa Kolwezi. Nchini Ubelgiji, mahakama zimedai kasoro ya kitu ithibitishwe, na swali halisemi lori lilikuwa bovu. Anayeibandika Jand'heur hapa bila kusema hivyo amejenga kwenye mchanga.

Kuna njia thabiti zaidi. Kifungu cha 258 kinadai kosa, hasara na uhusiano kati ya hivyo viwili. Cha 260 kinamtwika mwajiri tendo la mtumishi akiwa kazini. Sasa kanuni ikutane na ukweli, neno kwa neno. Kasi kwenye kona, na shehena ya hatari mgongoni: kosa. Dereva alikuwa akisafirisha mzigo wa kampuni: yumo kazini. Mihogo iliyokauka: hasara.

Uhusiano ndio mgumu, nao ndio unaostahili aya ndefu. Batobato hutia majani mabaka na kuyakunja, na hupunguza mavuno; asidi huunguza. Je, mihogo iliyokauka imefuata mkondo wa asidi, na ile ya juu ya mteremko imesalia kijani? Anayedai ndiye anayethibitisha, kwa hiyo jibu linataja ushahidi unaokosekana: vipimo vya udongo na picha za shamba.

Hitimisho linabaki sentensi mbili. Yaelekea kampuni itawajibika kwa kosa la dereva, endapo vipimo vitaonyesha asidi kwenye matuta yaliyokauka. Na batobato ikithibitishwa, fidia haitafika bei ya shamba zima lenye afya, kwa sababu sehemu ya mavuno ilikuwa imekwisha kuliwa na batobato.