Dakika 40 za Sehemu: Uchambuzi wa Andalio Moja la Somo

Andalio la somo ni mpango ambao mwalimu huuandika kabla ya kuingia darasani, akionyesha lengo la kipindi, zana, hatua za ufundishaji na muda wa kila hatua. Katika shule za msingi za Tanzania kipindi cha Darasa la Tano huchukua dakika 40, na andalio lililozoeleka huzigawa katika hatua tano, ambazo ni utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho. Safu ya muda ndiyo hujazwa kwa haraka kuliko zote, kwani walimu wengi huandika 5, 10, 15, 5 na 5 kwa somo lolote lile, ilhali muda wa hatua hauwezi kujulikana mpaka ijulikane kwanza mwanafunzi atakuwa anafanya nini katika hatua hiyo.

Andalio linalochambuliwa hapa ni la kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, asili ikiwa ni namba iliyo chini ya mstari wa sehemu na kiasi ikiwa ile iliyo juu. Kipindi kinaanza saa 3:20 asubuhi na kwisha saa 4:00, na jambo la kwanza linalolitofautisha andalio hili ni kwamba kando ya kila hatua imeandikwa saa ya kuimaliza, yaani 3:25, 3:36, 3:50, 3:56 na 4:00. Mwalimu anayesoma “dakika 11” analazimika kukumbuka alianza lini, lakini anayesoma “3:36” anatupia jicho saa yake na papo hapo anajua amechelewa au la.

Utangulizi una dakika tano, na ndani yake wanafunzi wanajibu 1/4 + 2/4, kisha wanaulizwa kama 1/2 + 1/3 itazidi nusu au itapungua, bila kukokotoa. Swali hilo limewekwa kwa makusudi, kwa sababu kosa kubwa la mada hii ni kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili ili kupata 2/5, na mwanafunzi aliyekwisha kukubali kwamba jibu lazima lizidi nusu ana njia ya kuligundua kosa hilo mwenyewe, maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo.

Maarifa mapya yamepewa dakika 11, na hapa uchaguzi wa zana ndio uliookoa muda. Kukunja vipande vya karatasi ni njia nzuri, ila katika darasa kubwa kugawa karatasi na kuzikusanya kunaweza kumeza nusu ya hatua nzima, na dakika hizo aghalabu hazionekani katika andalio lolote. Badala yake wanafunzi wanatumia miraba iliyomo katika madaftari yao ya hisabati, ambapo wanachora mistatili miwili iliyo sawa, kila mmoja ukiwa na miraba sita, wakitia kivuli miraba mitatu katika wa kwanza kuonyesha 1/2 na miwili katika wa pili kuonyesha 1/3, kisha wanahesabu miraba mitano na kuona kwamba jumla ni 5/6. Mfano wa pili, 1/6 + 2/9, unafanywa ubaoni bila mchoro, kwa kutafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa asili zote mbili, ambayo hapa ni 18, hivyo sehemu hizo zinakuwa 3/18 na 4/18, na jumla yake 7/18.

Hatua ya kuimarisha ina dakika 14, mbili zikiwa za kunakili maswali kutoka ubaoni, na maswali yenyewe ni matano: 1/3 + 1/4, 1/2 + 1/5, 2/3 + 1/4, 1/2 + 1/6 na 1/4 + 1/6. Matatu ya kwanza yanakubali njia ya kuzidisha asili kwa asili, lakini mawili ya mwisho yanamfichua asiyeelewa kigawe kidogo cha shirika, kwa kuwa katika swali la tano mwanafunzi anayetumia 24 atafika 10/24 na kulazimika kurahisisha, wakati anayetumia 12 anapata 5/12 moja kwa moja. Kwa hiyo mwalimu anapopita kati ya madawati hajaribu kusahihisha kila kitu, jambo lisilowezekana kwa muda huo, ila anatazama mstari wa pili wa swali la tano tu. Andalio pia limeweka alama pembeni ya swali la pili na la tatu kuwa ndiyo ya kurukwa endapo kipindi kitachelewa kuanza, nao ni uamuzi wa busara, kwa sababu mwalimu aliyebanwa na muda kwa kawaida hukata mwisho wa zoezi, na hapa mwisho ndio wenye thamani.

Ni katika hatua hii ndipo wanafunzi wepesi humaliza mapema, pengine dakika sita au saba kabla ya wenzao. Kuwaongezea maswali ya aina ileile huwafundisha kwamba kumaliza ni kujitafutia kazi, kuwapa mada ya kesho humlazimu mwalimu kuifundisha mara mbili, na kuwaambia wamsaidie jirani mara nyingi huishia katika kunong’onezana majibu. Shughuli ya akiba iliyochaguliwa inawataka waandike 1/2 kuwa jumla ya sehemu mbili tofauti ambazo kila moja ina kiasi 1, kisha wafanye vivyo hivyo kwa 1/3, 1/4 na 1/6.

Uzuri wake uko katika ujenzi wake. Maelekezo yake ni sentensi moja, hivyo mwalimu haondolewi kwa wale wanaomhitaji, na kila jaribio, hata lililokosea, ni zoezi jingine la mada ileile, kwani anayekisia 1/3 + 1/5 atajumlisha, atapata 8/15, ataona imezidi nusu kidogo tu na kujaribu 1/3 + 1/6, ambayo ndiyo jibu. Kwa 1/4 kuna majibu mawili, 1/5 + 1/20 na 1/6 + 1/12, na kwa 1/6 yapo manne, mojawapo likiwa 1/10 + 1/15, kwa hiyo hata mwanafunzi hodari hamalizi kwa urahisi, wala hapotezi kitu akikatizwa saa 3:50.

Shughuli hiyo imeandikwa kwenye kona ya ubao na kufunikwa kwa kipande cha manila mpaka mtu wa kwanza amalize, ili isiwe kichocheo cha kukimbiza maswali, na sharti la kuianza ni kuhakikisha kwamba kila jumla katika zoezi imezidi sehemu zote mbili zilizojumlishwa. Haijadiliwi katika tafakuri, ambayo dakika zake sita ni za darasa zima kulinganisha 10/24 na 5/12. Hata hivyo inafanywa nyuma ya daftari, na mwalimu huisoma anaposahihisha, kwani kazi isiyosomwa na mtu hukoma kufanywa baada ya vipindi vichache.

Dakika nne za hitimisho zina swali moja, 1/6 + 3/8, linalojibiwa kwenye daftari kimyakimya kabla ya madaftari kukusanywa. Katika nafasi ya maoni, mwalimu anaandika saa halisi ambayo kila hatua ilikwisha na saa ambayo mwanafunzi wa kwanza aliifikia shughuli ya akiba, kwani akiifikia kabla ya 3:42, zoezi lilikuwa jepesi mno kwa darasa hilo, na asipoifikia yeyote hadi 3:50, mfano wa pili ubaoni haukueleweka na ndio wa kurudiwa kipindi kinachofuata.