Pembe ya Maji: Namna ya Kupima Ripoti ya Kemia ya Kompyuta

Ripoti nzuri kuhusu umbo la molekuli haitambuliki kwa namba iliyolingana na ya maabara. Hutambulika kwa kuonyesha kila kosa limetoka wapi. Chukua maji: maabara huipa bondi ya O–H urefu wa angstromu 0.958, na pembe ya nyuzi 104.5.

Kwanza, tazama kama mwandishi anaielewa hesabu yake. Njia ya Walter Kohn na Lu Jeu Sham ya mwaka 1965 hupata nishati kutokana na msongamano wa elektroni. Kompyuta hukisia msongamano, hupata obitali zake, huunda msongamano mpya, na kurudia hadi ule wa awali na ule mpya ilingane. Kisha hukokotoa kani inayovuta kila kiini, husogeza atomu, na kuanza upya hadi kani zikaribie sifuri.

Ndani yake mna makadirio mawili. Fomyula kama B3LYP hukadiria namna elektroni zinavyoathiriana. Seti ya msingi ni vijenzi vya kihisabati vinavyounda obitali. Ripoti isiyotaja vyote viwili haiwezi kukaguliwa. Amri yenyewe inapaswa kuonekana:

```
# B3LYP/6-31G(d) Opt Freq
```

Pili, angalia kama mwandishi ameishika fomyula moja na kubadilisha seti tu. Kwa B3LYP, seti ya 6-31G hupanua pembe hadi nyuzi 108 hivi, kwa sababu wingu la oksijeni halina vijenzi vya kuliwezesha kuegemea upande. Ongeza vijenzi vya aina ya d, yaani 6-31G(d), na pembe hushuka hadi karibu 103.7, huku bondi ikiwa takriban 0.97. Kwa cc-pVTZ hufika 104.5 na 0.961.

Hapo mwanafunzi mwenye haraka hutangaza ushindi. Mkaguzi mzoefu huuliza: je, namba imetulia? Tumia aug-cc-pVTZ, yenye vijenzi vinavyotanda mbali na kiini na kuzipa nafasi jozi za elektroni zisizo na bondi, na pembe husogea hadi kama 105, ilhali bondi haibadiliki sana. Kumbe ulinganifu wa awali ulitokana na makosa mawili yaliyofutana. Tofauti inayobaki baada ya seti kutosheleza ni ya B3LYP, na kukuza seti zaidi hakutaiondoa.

Tatu, tafuta masafa ya mitetemo. Ukianza na maji yaliyonyooka kabisa, ulinganifu wake hauachi kani ya kuyapinda, hivyo hesabu inaweza kumalizika kwa nyuzi 180 bila malalamiko. Masafa yaliyochapishwa kwa alama ya kutoa ndiyo hufichua kwamba umbo hilo si bonde la nishati. Ripoti yenye `Opt` bila `Freq` irudishwe kwa mwandishi, hata kama pembe yake inapendeza.