Namba 03 saa sita mchana

Inverta ikizima saa sita mchana, jua la utosi, mafundi wengi hukimbilia ngazi. Juu ya paa hakikosekani cha kulaumiwa: tawi la mwembe wa jirani, kinyesi cha ndege, vumbi la barabara. Paneli zinaoshwa, tawi linakatwa, inverta inawashwa na kukubali, na kesho yake saa ileile inazima tena. Nadhani kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Saa ya hitilafu ni ushahidi sawa na namba inayoonekana kwenye kioo, na viwili hivyo vikisomwa pamoja kabla ya kugusa ngazi, kuna aina moja ya hitilafu ya mchana ambayo inaelekeza moja kwa moja kwenye betri.

Tuchukue mfumo wa kawaida wa nyumba ya Dar es Salaam: paneli sita za wati 550 zilizofungwa mfululizo, inverta ya kilowati 5 ya volti 48, na betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100. Siku za kazi, kati ya saa tano na nusu na saa saba mchana, kioo kinaonyesha `F03` na umeme unakatika. Jumapili haitokei. Inverta ni ya lile umbo linalouzwa madukani kwa majina mengi tofauti huku kitabu chake cha maelekezo kikiwa karibu kilekile. Kitabu hicho kina majedwali mawili, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Jedwali moja ni la tahadhari, ambazo namba zake humweka kwenye kioo huku inverta ikiendelea na kazi. La pili ni la hitilafu, ambazo namba zake hutulia bila kumweka na kazi husimama. Namba 03 imo katika yote mawili. Kwenye tahadhari inasema betri imechajiwa kupita kiasi. Kwenye hitilafu inasema volti ya betri ni kubwa mno. Ukitazama safu ya suluhisho, unaambiwa urudishe mashine kwa mafundi wa kampuni, au uhakikishe kama aina na idadi ya betri vinalingana na matakwa ya inverta. Neno hilo, idadi, husomwa haraka na kupuuzwa kwa sababu betri iko moja tu ukutani.

Kwanza tukiondoe kivuli. Kivuli hupunguza mkondo wa paneli. Kikifunika sehemu moja, diodi za ndani huipita sehemu hiyo na volti ya mfululizo hushuka. Hakuna njia ambayo kivuli kinaweza kupandisha volti ya betri. Kwenye jedwali la tahadhari kuna namba 15, nishati ya paneli ni ndogo, na hiyo ndiyo lugha ya kivuli. Isitoshe, Dar es Salaam, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, saa sita mchana ndio wakati ambao vivuli ni vifupi kuliko saa zote. Tawi la jirani hufanya uharibifu wake asubuhi au alasiri. Atakayesema kwamba pengine paneli zenyewe zinatoa volti nyingi mno naye asikilizwe, kwa kuwa hilo hutokea. Lakini volti ya paneli hupanda zikiwa za baridi na hushuka zikipata moto, kwa hiyo hitilafu ya namna hiyo ingejitokeza asubuhi, tena kwa namba 59, siyo 03. Na joto la inverta yenyewe lina namba yake, 02.

Imebaki betri, na hapa inabidi mita iongee. Vipimo vinachukuliwa wakati chaji inaendelea, saa tano na robo hivi, siyo jioni. Kipimo cha kwanza ni kwenye nguzo za betri, cha pili kwenye skrubu za inverta zinazopokea nyaya za betri. Tuseme mita inasoma 54.3 kwenye betri na 54.5 kwenye inverta, chaji ikiwa ampea 50. Tofauti ya volti 0.2 ni ya kawaida. Ingekuwa volti 1.5, kosa lingekuwa kwenye waya mwembamba au kishikizo kilicholegea, maana kwa ampea 50 hapo pangekuwa panapotea wati 75 kama joto, na ukipeleka kidole karibu na kishikizo ungeuhisi moto huo. Nyaya ni nzima, basi. Sasa soma kibao cha betri. Kimeandikwa volti 48, siyo 51.2. Seli ya lithiamu ya aina hii huhesabiwa volti 3.2, kwa hiyo ndani ya betri hii zimo seli 15, wakati ile ya 51.2 ina 16. Inverta nayo, ukiingia kwenye mpangilio namba 05, imeachwa kwenye `AGM` kama ilivyotoka kwenye boksi, na kwa `AGM` inalenga kuchaji hadi volti 56.4. Gawanya kwa 15: kila seli inasukumwa hadi 3.76, wakati mwisho wake ni 3.65. Hiyo ndiyo idadi ambayo kitabu kilikuwa kinaulizia.

Kwa nini lakini izime ghafla? Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, BMS, inayozilinda seli. Seli mojawapo ikigusa kikomo, bodi inakata njia ya kuingiza chaji papo hapo. Wakati huo paneli zinasukuma karibu kilowati 3 ambazo hazina pa kwenda, kwa sababu nyumbani hakuna mtu na friji peke yake haiwezi kuzimeza. Kabla inverta haijawahi kujipunguza, volti kwenye skrubu zake inaruka kupita 60, nayo inajifunga na kuandika `F03`. Jumapili pasi na jiko la umeme viko kazini, betri hailetewi mkondo mkubwa kiasi hicho, na bodi haifiki kukata. Ni mshtuko uleule unaotokea mtu akizima breka ya betri huku jua linawaka; ndiyo maana breka ya paneli huzimwa kwanza.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito. Fundi anayefika saa kumi anapima betri, anakuta volti 50 zilizotulia, anawasha inverta na inafanya kazi. Kwa nini alaumu betri? Kipimo chake ni sahihi ila kimechelewa: seli zikishapumzika, volti hushuka na bodi hufungua njia yenyewe bila kuacha alama kwenye kioo cha inverta. Wengine husema betri ni mbovu, ibadilishwe. Hilo huwezi kulikataa bila kuona volti ya seli mojamoja. Kama kumi na nne ziko 3.40 na moja iko 3.65, tatizo ni seli kutolingana, na kurekebisha inverta kutapunguza kero bila kuimaliza. Kama zote zinapanda pamoja hadi 3.62, betri ni nzima.

Marekebisho yenyewe ni ya dakika chache, mradi karatasi ya betri ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kwa betri hii ya seli 15:

```
05  USE
02  40 A
26  53.2 V
27  51.0 V
```

Volti 53.2 ni 3.55 kwa kila seli, na ampea 40 zinapunguza msukumo endapo bodi itakata. Siku inayofuata, saa sita, tazama ampea kuliko volti. Volti inapaswa kufika 53.2 na kukaa hapo huku ampea zikishuka polepole, 40, 25, 10, 3. Zikiwa 30 kisha zikawa sifuri kwa mkupuo, bodi bado inakata, na kazi inayofuata ni kutafuta ile seli iliyotangulia wenzake.