Tabasamu linavyosikika kwenye simu

Wapokeaji simu wa hotelini huagizwa watabasamu kabla ya kusema "Haloo, karibu", ingawa mpigaji hawaoni. Agizo hilo lina sababu ya kimaumbile. Pembe za midomo zikivutwa nyuma, njia ya sauti kutoka kooni hadi midomoni hufupika kidogo. Kwa mwanamume mzima njia hiyo ina urefu wa sentimita 17 hivi. Ikifupika, mivumo yake hupanda, na irabu husikika nyepesi zaidi.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kutabasamu ni kupandisha sauti. Kidatu hutegemea kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti kooni, ilhali tabasamu ni kazi ya midomo. Mara nyingi huja pamoja, lakini mwenye sauti nene anaweza kubaki na unene wake na tabasamu likasikika. Hata simu ya waya ya kawaida, inayopitisha hezi 300 hadi 3400 tu, huacha nafasi ya kutosha kwa mivumo hiyo kumfikia msikilizaji.

Sasa tuisikilize salamu yenyewe. Irabu "oo" ya "haloo" na "u" ya "karibu" hutaka midomo iviringwe na kusogezwa mbele. Anayetabasamu hawezi kuiviringa sawasawa, kwa hiyo "oo" yake hutoka nyepesi kuliko kawaida. Aliyepandisha kidatu bila kutabasamu huitoa kwa juu, lakini ikiwa bado nzito na ya mviringo.

Kasi nayo ina sehemu yake. Mkazo wa "karibu" huangukia "ri", na hapo ndipo sauti hurefuka. Mpokeaji aliyechoka huunganisha maneno yote kwa pumzi moja, "ri" ikamezwa, na msikilizaji akakosa muda wa kuipima irabu. Atahisi anaharakishwa, hata kama midomo ya msemaji ilitabasamu.

Msikilizaji huamua upesi mno. Mwaka 2014 Phil McAleer wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walisikilizishwa neno "hello" kutoka kwa wasemaji 64. Lilichukua chini ya nusu sekunde, lakini wasikilizaji walikubaliana sana kuhusu nani anaaminika na nani ana ubabe. Kukubaliana huko hakuthibitishi kwamba walikuwa sahihi, maana tabia halisi za wasemaji hazikupimwa.

Isitoshe, mtu mwenye umbo dogo ana njia fupi ya sauti hata akikunja uso, hivyo mgeni anaweza kumdhania mchangamfu. Anayemzoea hulinganisha "haloo" ya leo na ya siku nyingine. Anayetaka kujipima ajirekodi mara mbili kwa kidatu kilekile, mara moja akitabasamu, kisha asikilize "oo" peke yake.