Chaki Mlangoni mwa Jiko

Mama alikuwa anapanga bajeti ya wiki kwa chaki, nyuma ya mlango wa jiko. Hakuandika kilo wala bei ya soko la Kamembe. Aliandika milo: milo miwili kwa siku, 14 kwa wiki, kwa watu sita. Akiwa na faranga 21,000 za mboga, kila mlo ulipata 1,500. Unga wa muhogo ulitoka shambani kwetu hapa Mururu, kwa hiyo haukuingia kwenye hesabu.

Tuchukue wiki moja. Maharage yalikuwa 1,200 kwa kilo, sambaza wakavu wa Ziwa Kivu 6,000. Mwenye kuangalia kilo anakimbilia maharage. Mama aliuliza kwanza yatakula makaa kiasi gani. Gramu 600 za maharage ni faranga 720, mafuta, nyanya na kitunguu 300, na makaa ya kuchemshia saa mbili na zaidi ni 500. Jumla 1,520: mlo umepita mstari kwa faranga 20. Basi analoweka usiku, anachemsha ya milo miwili kwa moto mmoja, na kesho yake anapasha kwa makaa ya 100. Mlo unashuka hadi 1,320.

Sambaza je? Gramu 100 ni 600, mchicha 200, viungo 300, na kwa kuwa wanaiva upesi, makaa ni 150 tu. Jumla 1,250! Samaki wa bei mara tano ya maharage wanapikwa kwa pesa pungufu. Niliposhangilia, Mama alicheka. Akaniambia nisubiri saa tatu usiku.

Saa tatu usiku wadogo zangu walirudi jikoni kukwangua sufuria. Gramu 100 kwa watu sita ni ladha tu. Mlo wa maharage ulimpa kila mtu gramu 100 peke yake. Ikabidi aongeze viazi vitamu vya 300 na makaa ya 100, na mlo ukawa 1,650. Tangu hapo sambaza walipikwa mara mbili kwa wiki, na zile 150 za ziada zililipwa na faranga 180 alizobakiza kwenye kila mlo wa maharage. Kila mwaka ziwa linapofungwa ili samaki wazaane, sambaza wanapanda bei, na chaki inawafuta kabisa.

Kilichomshinda ni maharage ya zamani. Mchuuzi huyachanganya na mapya, na jicho halitambui upesi. Loweka usiku kucha, asubuhi utaona baadhi hayajavimba, ngozi imekaza bila mkunjo. Hayo hayaivi hata ukimaliza makaa ya siku mbili. Mama aliyachambua moja moja, akayahesabu, kisha Jumatatu akayapeleka sokoni kwenye kitambaa, akamwagia mchuuzi mezani bila kusema neno.