Asanteni, Zamu ya Usiku

Wenzangu wa maabara, poleni na kazi na hongereni sana. Tangu katriji zilipoadimika, makohozi ya wagonjwa yamekuwa yakirundikana kwenye friji letu. Katriji zilipopatikana tena, usiku wa kuamkia leo mmeyamaliza yote.

Mashine yetu ya GeneXpert ina nafasi nne, na kipimo kimoja huchukua karibu saa 2. Hakuna awezaye kuiharakisha. Mlichookoa ni muda wa katikati. Sampuli nne zikiwa ndani, nne nyingine mlikwisha kuzichanganya na dawa, sehemu mbili za dawa kwa moja ya makohozi, zikingoja dakika zake 15. Mashine haikukaa bure.

Wala hamkulipua kazi. Kikopo ambacho namba yake haikulingana na fomu mlikiweka kando, mkakipigia simu kituo kilichokileta. Kipimo kilichotoa `ERROR` mlikirudia kwa katriji mpya. Hamkuandika kwamba mgonjwa hana kifua kikuu.

Kwa majibu haya, mwenye vimelea sugu kwa rifampisini ataanzishiwa dawa zinazomfaa. Asanteni sana, nendeni mkapumzike.