Pete na Mafuta: Namna ya Kuitambua Picha ya Kweli ya Utumbo Ulioingiliana

Kumfundisha mtu kuona duara ndani ya duara kwenye skrini ya altrasaundi si kazi kubwa. Kazi ni kujua duara lipi ni ugonjwa, maana tumbo la mtoto lina maduara mengi. Mpimaji wa Kyerwa au Karagwe ana sababu ya kuwa mkali na macho yake. Akisema ugonjwa upo, familia kutoka Mabira inaanza kutafuta nauli ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, pengine hadi Bukoba, pengine hadi Bugando kule Mwanza. Akisema haupo na kumbe upo, mtoto anarudi nyumbani na dawa ya kuhara damu huku kipande cha utumbo kikikosa damu.

Wengi huanza kwa kuhesabu pete. Mimi nasema uanze kutafuta mafuta. Ili uone kwa nini, lazima ujue kila pete imetokana na nini.

Pete zinatoka wapi

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 3 na miaka 3, na mara nyingi mwisho wa utumbo mwembamba ndio unaoingia ndani ya utumbo mpana. Chukua mkono wa shati, usukume sehemu yake moja iingie ndani ya nyingine, kisha fikiria umeukata hapo kwa mkasi. Utakuta tabaka tatu za kitambaa. Tabaka ya nje ni utumbo unaopokea. Ya ndani kabisa ni utumbo unaoingia. Ya katikati ni utumbo uleule ulioingia, ila umefika kwenye ncha, ukajigeuza na kurudi ulikotoka.

Kwenye skrini huzioni tabaka hizo tatu kwa usawa. Ile ya nje na ile inayorudi zimegandamana na zimevimba, kwa hiyo mara nyingi hutokea kama pete moja nene, nyeusi. Katikati kuna duara dogo jeusi, ambalo ni utumbo unaoingia. Kati ya duara hilo na pete ya nje kuna weupe unaong'aa, na huo ndio ushahidi wako. Ni mafuta ya utando unaoshikilia utumbo na kupitisha mishipa ya damu. Utumbo ulipoingia uliuburuta utando huo pamoja nao. Mara nyingi utaona humo vidoa vyeusi vya mviringo, ambavyo ni tezi za limfu zilizoburutwa vilevile.

Utando huo umeshikana na utumbo upande mmoja tu. Ndiyo maana mafuta hayauzunguki utumbo sawasawa. Hulala upande mmoja yakichora mwezi mwandamo. Karibu na ncha mafuta ni machache, na picha huwa ni pete zilizopangana vizuri. Ukisogea kuelekea mlango utumbo ulikoingilia, mafuta huongezeka na mwezi hunenepa. Basi usiridhike na picha moja iliyogandishwa. Tembeza proba polepole kutoka ncha hadi mlangoni: pete zinazobadilika kwa mpangilio huo ni ugonjwa wenyewe, si bahati ya mkato mmoja.

Namna ya kupima

Tumia proba bapa ya mawimbi mafupi, ile inayotumika kwa mishipa na viungo vya juujuu, ya megahezi 7 hadi 12 hivi. Mlaze mtoto chali, mama amshike mikono, na jeli iwe ya uvuguvugu. Anza chini kulia mwa tumbo, ufuate njia ya utumbo mpana: panda hadi chini ya ini, vuka tumbo, shuka upande wa kushoto. Kandamiza taratibu ili kuisogeza hewa. Picha hii ya pete, yaani shabaha, mara nyingi hukutwa upande wa kulia, chini tu ya ini, lakini ncha inaweza kusafiri hadi kushoto. Anayeishia kulia anaweza kuikosa.

Ukiipata, pima upana wake kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Utumbo mwembamba ulioingia katika utumbo mpana kwa kawaida hutoa shabaha ya sentimita 2.5 au zaidi. Kisha zungusha proba nyuzi 90. Shabaha lazima igeuke kuwa umbo refu lenye mistari myeusi na myeupe iliyolala sambamba, mafuta yakiwa katikati. Umbo hilo hufanana na figo, kwa hiyo tafuta figo zote mbili mahali pake kabla ya kuandika lolote.

Shabaha za uongo

Inayodanganya zaidi kwetu ni utumbo wa kuhara damu. Ukuta wake umevimba na ukikatwa hutoa pete nene nyeusi. Lakini huo ni ukuta mmoja tu, na katikati yake kuna hewa au majimaji yanayopita. Hakuna mafuta wala tezi ndani. Kinyesi huonekana kama kitu cheupe chenye kivuli nyuma yake, na hubadilika ukisubiri. Msuli mkubwa wa kiunoni hulinganishwa na mwenzake wa upande wa pili.

Ipo pia shabaha ya kweli isiyohitaji kisu. Ni utumbo mwembamba ulioingia ndani ya utumbo mwembamba wenzake. Huwa na upana wa sentimita 1.5 hivi, ni mfupi, pete yake ya nje ni nyembamba na mafuta ni kidogo. Mtoto mara nyingi hana maumivu. Iangalie tena baada ya nusu saa. Nyingi hujifungua zenyewe.

Mfano

Tuseme ameletwa mtoto wa miezi 7. Tangu jana analia kwa vipindi akikunja miguu, kisha anatulia na kulegea. Ametapika, na leo nepi ina kamasi yenye damu. Zahanati ilimpa dawa ya kuhara. Chini ya ini unakuta shabaha ya sentimita 3, mwezi mweupe upande mmoja, na tezi mbili ndani yake. Ukizungusha proba unapata umbo refu, na figo zote mbili ziko mahali pake. Hapa huna la kungoja.

Sasa washa Dopla. Rangi ya damu kwenye kuta ni dalili njema. Rangi ikikosekana, au ukaona majimaji yamenaswa kati ya tabaka, utumbo unaweza kuwa umeanza kufa, na kuurudisha kwa hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa kutakuwa kugumu. Majimaji machache huru tumboni ni ya kawaida, usiyatie chumvi.

Katika taarifa andika shabaha iko wapi, ina upana gani, kama mafuta na tezi zimeonekana, Dopla imesema nini na saa ya kipimo. Mtoto awekewe mrija wa puani na maji ya mshipani kabla ya safari, na daktari wa upasuaji apigiwe simu kwanza.

Utumbo ukirudishwa, pima tena. Vigezo vya Brighton, vinavyotumika duniani kuuthibitisha ugonjwa huu katika ufuatiliaji wa chanjo, havihesabu altrasaundi pekee kuwa uhakika wa daraja la kwanza mpaka ionyeshe pia kwamba uvimbe umetoweka baada ya utumbo kurudishwa kwa maji. Ukuta unaweza kubaki mnene kwa muda, na hilo lisikutishe. Kinachopaswa kutoweka ni mafuta ndani ya pete. Yakiwa bado yamo, utumbo haujatoka.